Taa ya Choo cha Pamoja: Sensa Inafungwa Wapi na Inalipa Lini

Leo nataka tuzungumzie taa ya choo. Nina maana ya choo cha pamoja, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita au nane na mita moja ya LUKU, iwe Katandala, Majengo au Chanji, hapa Sumbawanga. Anayeingia wa kwanza jioni ndiye anayeiwasha, na kuanzia hapo kila mmoja anamwachia mwenzake aizime. Kunakucha inawaka. Yuniti zikiisha mapema kuliko walivyokubaliana, mchango wa umeme unageuka ugomvi. Huyu anaambiwa ana friji, yule anaambiwa anapiga pasi kila siku, na mwenye nyumba anashikilia kwamba tatizo ni taa ya choo.

Siku hizi kwenye maduka ya vifaa vya umeme kuna swichi yenye sensa. Mtu akiingia, taa inawaka. Akitoka, zinapita dakika kadhaa, inazima yenyewe. Wengi wameinunua, na wengi wameishia kuing'oa na kurudisha swichi ya kawaida, kwa sababu iliwazimia taa wakiwa wamechuchumaa, au iliwaka usiku kucha bila mtu, au haikuwaka kabisa. Naamini kifaa hiki ni kizuri. Kinachowaangusha watu ni mahali kinapofungwa na waya zinazounganishwa nacho, na pia kununua bila kupiga hesabu kwanza.

Kwa hiyo tuanze na hesabu, tena hesabu ya choo hichohicho.

Huku Ufipa jua linachelewa. Saa tunayotumia ni ileile ya Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua linatufikia karibu nusu saa baada ya wenzetu wa pwani, na katikati ya mwaka linachomoza saa moja asubuhi ikiwa imeshapita. Watoto wanajiandaa kwenda shule gizani. Taa ya choo, basi, ikiachwa, inawaka tangu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, saa 12 kamili.

Ikiwa ni ile tyubu ndefu ya zamani, ya futi nne, imeandikwa wati 36, lakini ukijumlisha na choki yake inakula karibu wati 45. Kwa saa 12 ni zaidi kidogo ya nusu yuniti. Kwa mwezi ni yuniti 16. Bei ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida wa kundi la T1 ni shilingi 292 kwa yuniti, na ukiongeza kodi ya VAT na tozo za REA na EWURA unafika karibu shilingi 356. Taa hiyo moja, kwa hiyo, inakula karibu shilingi 5,800 kila mwezi.

Sasa iondoe tyubu hiyo, weka balbu ya LED ya wati 9, na iache iwake vilevile usiku kucha, bila sensa wala nini. Matumizi yanashuka hadi yuniti 3 na robo kwa mwezi, karibu shilingi 1,150. Umeshaokoa zaidi ya shilingi 4,600 kwa kubadilisha balbu peke yake. Naomba hili ulishike, kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Balbu ndiyo inayotangulia, sensa inafuata.

Baada ya hapo weka sensa. Tuseme kwa usiku mzima choo kinatumika, pamoja na zile dakika ambazo sensa inasubiri kabla ya kuzima, jumla ya saa moja na nusu. Sensa nayo inakula umeme wake kidogo, tuseme nusu wati, lakini inaula saa zote 24, mchana na usiku. Ukijumlisha vyote viwili unapata kama robo tatu ya yuniti kwa mwezi, shilingi 270 hivi. Sensa, basi, imekuokolea karibu shilingi 880 kwa mwezi. Ikiwa dukani wamekuuzia kwa shilingi 15,000, itarudisha fedha yako baada ya miezi 17. Na ikiwa mita yenu iko kwenye kundi la D1, la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, miezi hiyo 17 inakuwa zaidi ya miaka minne.

Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili ujue inalipa wapi. Inalipa penye watu wengi wanaoingia na kutoka na taa isiyo na mwenyewe: choo cha gesti, choo cha ofisi, choo cha shule ya bweni. Na inalipa zaidi kwenye stoo kubwa. Stoo yenye tyubu nne za LED za wati 18, ambayo mlango unafunguliwa asubuhi, taa zinawashwa na kubaki hivyo saa kumi, ilhali watu wanakaa ndani saa mbili tu kwa ujumla, inapoteza zaidi ya nusu yuniti kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni yuniti 15, zaidi ya shilingi 5,000 kwa bei ya T1. Hapo sensa ya shilingi 15,000 inajilipa ndani ya miezi mitatu hivi.

Sasa, kabla ya kushika bisibisi, tujue kifaa hiki kinaona nini. Sensa nyingi za ndani zimeandikwa PIR kwenye boksi. Hazitoi mwanga wala mawimbi yoyote. Zinapokea joto linalotoka kwenye vitu, na zile chembe ndogo unazoziona kwenye kioo chake cha plastiki zinaligawa eneo la chumba katika vipande vingi. Mtu anapotoka kipande kimoja na kuingia kingine, joto linalofika ndani linabadilika ghafla, na hapo sensa inawasha taa. Inahitaji mambo mawili kwa pamoja, yaani kitu chenye joto tofauti na ukuta wa nyuma yake, na kitu hicho kisogee.

Hapa sisi wa uwanda wa juu tuna bahati. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kuta za choo zinakuwa baridi kabisa. Uso na mikono ya mtu vinaonekana wazi mbele ya ukuta kama huo. Teremka hadi Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, au Kasanga ufukweni mwa Tanganyika, mchana wa Oktoba, utakuta ukuta umepata joto linalokaribia la ngozi ya binadamu, na sensa ileile iliyofanya kazi vizuri mjini inakuwa nzito kumwona mtu. Hata hivyo, baridi yetu ina upande wake wa pili. Mtu anayeamka usiku wa manane Julai anajifunika koti na blanketi, kichwani kofia ya sufu. Nguo nzito zinachelewesha joto la mwili kufika nje, na kinachobaki kuonekana ni uso na viganja. Ndiyo maana huku sensa inapaswa kufungwa mahali ambapo inauona uso wa mtu au mikono yake, isiwe inamtazama mgongoni.

Na sensa ya PIR haioni kupitia kitu chochote kigumu. Haioni kupitia mlango, haioni kupitia kioo cha dirisha, haioni kupitia ukuta wa mbao wala gunia. Kuna aina nyingine inayotumia mawimbi ya maikrowevu, na hiyo inapenya mlango wa mbao na ukuta mwembamba wa jipsamu. Ukiifunga chooni itawasha taa kila anapopita mtu koridoni. Kwa choo na stoo ndogo, chukua PIR.

Tuje kwenye waya. Zipo sensa za kufunga ukutani, mahali pa swichi, na zipo za kufunga darini. Watu wengi huvutiwa na ile ya ukutani kwa sababu wanafikiri wataitoa swichi ya zamani na kuiweka mpya palepale. Ukifungua boksi la swichi katika nyumba zetu nyingi utakuta waya mbili tu. Mmoja unaleta umeme kutoka juu, mwingine unaurudisha juu kwenye taa pale swichi inapowashwa. Zote mbili ni waya za moto. Nyutro haikushuka ukutani, kwa sababu swichi ya kawaida haiihitaji. Sensa nyingi zinaihitaji, maana zina mashine yao ndani inayotakiwa kuwa macho wakati wote hata taa ikiwa imezimwa.

Ubaya ni kwamba fundi aliyeshusha waya zile mbili huenda alitumia mwekundu na mweusi, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Anayekuja baadaye anaona mweusi, anasema hii ndiyo nyutro, anaunganisha. Hapo sensa inakuwa imepangwa mstari mmoja na balbu, inapata umeme unaopitia kwenye balbu kwanza. Dalili zake ni taa kuwaka hafifu kama imechoka, au kitu ndani ya sensa kugonga gonga, tik, tik, bila kutulia. Ukiona hivyo, usimlaumu muuzaji. Ule mweusi si nyutro.

Zipo sensa za waya mbili zilizotengenezwa kwa boksi lisilo na nyutro. Hizo zinajilisha kwa kupitisha umeme mdogo kwenye balbu hata wakati taa imezimwa. Zilifanya kazi vizuri na balbu za kizamani za nyuzi. Kwa LED ya wati 9 umeme huo mdogo unatosha kuifanya ing'ae kidogo usiku kucha, au ikonyeze konyeze.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: panda juu. Kwenye holda ya taa nyutro ipo tayari, kwa sababu balbu haiwezi kuwaka bila hiyo. Na ule waya unaorudi kutoka swichini nao upo hapohapo. Sensa ya darini inachohitaji ni vitu hivyo viwili na njia ya kwenda kwenye balbu. Ndiyo kazi yote.

Inafanywa hivi. Zima meni swichi, na kama nyumba ina jenereta au sola inayoingia kwenye waya hizohizo, zima nayo. Ijaribu tesita yako kwanza mahali unapojua pana umeme, ndipo uzime, halafu uguse pale unapotaka kufanyia kazi. Tesita iliyokufa haiwaki popote, na imeshawaumiza watu waliodhani imewaambia ni salama.

Fungua holda. Utaona waya uliotoka swichini na nyutro, na pengine ethi ya kijani. Utoe ule wa swichini kwenye holda na uupeleke kwenye tundu la sensa lililoandikwa L. Kutoka kwenye nyutro chukua tawi moja liende kwenye tundu la N, na ile nyutro ya holda iache pale ilipokuwa. Tundu la tatu la sensa limeandikwa L', au A, au limechorwa mshale wa kutoka au alama ya taa. Hilo ndilo linalotoa umeme kwenda kwenye balbu. Litolee waya hadi mahali ulipoondoa ule wa swichini. Viungo vyote viingie kwenye konekta za skrubu, visisokotwe na kufungwa tepu tu, maana dari la nyumba ya bati huku linakuwa na joto kali mchana na baridi usiku, na tepu huachia. Kazi hii ni ya saa moja kwa anayeijua. Kama wewe si fundi, mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, ila sasa unajua cha kumwambia.

Kabla hajaunganisha, mwombe afanye jaribio moja dogo. Umeme ukiwa umerudishwa na swichi ya ukutani imezimwa, aguse tundu za holda kwa tesita. Ikiwa tesita inawaka wakati swichi imezimwa, maana yake aliyetandaza waya aliweka swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Nyumba za namna hiyo zipo, na mtu anayebadilisha balbu humo anashika umeme akiamini amezima. Hilo lirekebishwe kwanza, sensa au hakuna sensa.

Ukifunga kwa njia hii, swichi ya ukutani inabaki kabla ya sensa. Ikiwashwa, sensa inafanya kazi. Ikizimwa, kila kitu kimelala. Ni jambo zuri kwa ajili ya matengenezo, lakini lina kero yake. Mpangaji aliyezoea kuzima taa ataizima swichi akitoka, na anayefuata ataingia gizani. Akiiwasha, taa itawaka na kubaki hivyo kwa nusu dakika au dakika nzima hata kama hakuna mtu, kwa kuwa sensa ikipata umeme mpya inahitaji muda wa kuuzoea ukuta. Kwa hiyo funika swichi hiyo kwa kifuniko, au ihamishie juu mahali pasipofikiwa kwa mkono.

Jambo hilohilo utaliona umeme unapokatika na kurudi. Mkoa wetu kwa miaka mingi umelishwa umeme unaovuka mpaka kutoka Zambia, kwa njia ndefu, na kukatika kwake tunakujua. Mradi wa TAZA, wa njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umekusudiwa kutuunganisha na gridi ya taifa. Wakati wowote umeme utakaporudi, usishangae taa ya choo ikiwaka bila mtu. Ihesabie dakika moja. Ikizima, sensa ni nzima.

Sasa sensa ikae wapi hasa pale chooni? Kosa linalotokea mara nyingi ni kuielekeza mlangoni, kwa hoja kwamba mtu anaingilia mlangoni. Inamwona akiingia, kisha anageuka, anachuchumaa nyuma ya kiukuta, na kuanzia hapo haimwoni tena. Dakika zikiisha, giza. Mzee au mtoto aliye kwenye tundu la choo gizani si jambo la kuchezea. Ifunge darini karibu na usawa wa tundu au bakuli, mbele kidogo ya mtu anapotazama, ili ione uso na mikono. Sensa nyingi za darini zinafanya kazi vizuri zikiwa mita 2 na nusu hadi 3 kutoka sakafuni. Ikiwa choo kina vyumba viwili au vitatu vyenye kuta zinazofika darini, kila chumba kinahitaji sensa yake. Ikiwa kuta zimeishia katikati na juu pako wazi, sensa moja juu ya katikati inaweza kuviona vyote, lakini jaribu kwanza kwa kuishikilia kabla ya kutoboa.

Mlango ukibaki wazi, sensa inaweza kuwaona wanaopita koridoni. Chukua kipande kidogo cha tepu nyeusi ya umeme ukibandike kwenye kioo cha sensa upande unaotazama mlango. Upande huo umekuwa kipofu, na pande nyingine zinaendelea kuona.

Pembeni mwa sensa utakuta vishikio vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, vimeandikwa TIME, LUX, na kwenye nyingine SENS. TIME ni muda ambao taa inabaki ikiwaka baada ya mwendo wa mwisho. Kiwandani mara nyingi huachwa kwenye sekunde chache, kwa ajili ya kujaribia, na fundi mwenye haraka anaondoka ameuacha hivyohivyo. Kwa choo uweke usipungue dakika tano. Kila mtu anaposogea, hesabu inaanza upya, kwa hiyo dakika tano ni za kukaa kimya kabisa. Kuongeza dakika hizo kunagharimu fedha kidogo sana kwa LED ya wati 9, na kunaondoa lile lalamiko linalowafanya watu waing'oe.

LUX ni kiwango cha mwanga ambacho sensa inasubiri kipungue ndipo ikubali kuwasha. Ina alama ya jua upande mmoja na mwezi upande mwingine. Ikiwa kwenye mwezi, haiwaki mpaka giza liingie. Mtu anafunga saa nane mchana, anapunga mkono, haiwaki, anasema imekufa. Izungushe kwenye jua ujaribu, halafu uipunguze kidogo kidogo mpaka mchana isiwake na jioni iwake. Kwa stoo isiyo na dirisha iache kwenye alama ya jua wakati wote.

Kuna jambo moja la bafuni ambalo ni letu huku kwenye baridi. Tunaoga maji ya moto. Ndoo inayofuka mvuke chini ya sensa ni kitu chenye joto kinachosogea, nayo itakiona. Ikiwa choo na bafu ni chumba kimoja, taa itachelewa kuzima wakati ndoo ipo, na hilo halina madhara. Lenye madhara ni mvuke kuingia ndani ya kifaa. Sehemu ya kuogea inahitaji sensa iliyoandikwa IP44 au zaidi, na kwa choo cha nje, cha bati na mapengo ya upepo, ni hivyohivyo. Zile za kawaida za darini zimetengenezwa kwa chumba kikavu, na unyevu ukishaingia ndani utaona taa inawaka na kuzima ovyo, hasa alfajiri.

Nimalizie na stoo, na kwa Rukwa stoo maana yake ni mahindi.

Mtu anafunga sensa Februari, stoo ikiwa karibu tupu, katikati ya dari. Anajaribu, inaona kila kona. Ikifika Julai mahindi yameingia, magunia yamepangwa hadi karibu na mbao za juu, na sensa imebaki inatazama mgongo wa gunia. Mbebaji anaingia na gunia begani gizani. Sensa ya stoo ifungwe juu ya njia mnayoiacha kati ya marundo, kwa kuangalia stoo inavyokuwa imejaa. Kama njia ni ndefu na ina kona, sensa mbili zinaweza kuunganishwa ziwashe taa zilezile. Zote zinapewa umeme na nyutro moja kutoka sakiti ileile, na matundu yao ya kutoa yanakutana kwenye waya wa taa. Yoyote ikiona mtu, taa zinawaka.

Marundo marefu yanaleta na lingine. Panya anayekimbia juu ya magunia, nusu mita kutoka kwenye sensa, anaonekana mkubwa sawa na mtu aliye mbali. Stoo ikiwaka taa usiku wa manane bila mtu, kabla ya kuwaza wezi au kumwita fundi, angalia vinyesi vya panya kwenye magunia ya juu. Kisha punguza SENS, au bandika tepu upande wa rundo. Na vumbi la nafaka, pamoja na lile la dawa ya unga tunayochanganyia mahindi, huganda kwenye kioo cha sensa. Lifute kwa kitambaa kikavu kila msimu, umeme ukiwa umezimwa.

Tazama pia mzigo wa taa. Kwenye sensa huandikwa namba mbili za wati, moja kubwa ya balbu za nyuzi na moja ndogo ya LED na tyubu. Ya kufuata ni ile ndogo. Taa za LED nyingi zikiwashwa kwa pamoja huvuta umeme mkali kwa kufumba na kufumbua, na ule mdomo wa swichi ulio ndani ya sensa unaweza kuungua na kushikana. Ukishikana, taa haizimi tena hata ungesubiri saa nzima, na ukizima meni na kuwasha bado inawaka moja kwa moja. Sensa hiyo haitengenezeki, inabadilishwa.

La mwisho ni sumu. Wenye stoo kubwa wanatumia vidonge vya kufukiza vinavyotoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inakula shaba, na ndani ya sensa shaba ipo kila mahali, kwenye waya, kwenye bodi, kwenye ule mdomo wa swichi. Ukifukiza chumba kizima na sensa ikiwa darini, inaweza kuharibika bila alama yoyote ya nje, ikaanza usumbufu wiki kadhaa baadaye. Anayefukiza rundo moja chini ya turubai lililobanwa vizuri pembeni ana hatari ndogo zaidi. Anayefunga stoo nzima azime sakiti hiyo, afungue sensa, aitoe nje, na ncha za waya zilizobaki azifunge kwenye konekta kabla ya kuweka kidonge cha kwanza. Airudishe baada ya stoo kupewa hewa kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo la dawa, na mtu asiingie kabla ya hapo kwa sababu yoyote, taa iwe inawaka au haiwaki.